Tyubu gani ya kutumia ukituma bango kwa posta: nyembamba, ya kati, nene, au sanduku la mraba?

Wachoraji na wapiga picha wengi wanaouza mabango nje ya nchi wananunua tyubu kwa kuangalia bei tu, au wanachukua yale mabomba ya kadibodi ya katikati ya roli za vitambaa, wanakata, wanaziba, wanapeleka. Sio vibaya, bomba la kitambaa ni gumu kuliko tyubu nyingi za dukani. Ila mzigo ukifika kaunta unaambiwa umezidi, au unaambiwa hii haiendi kwa bei ya barua inabidi iende kama kifurushi kikubwa, na hapo faida yote ya bango imeishia kwenye nauli. Kwa hiyo nalinganisha hapa aina nne za vifungashio kwa bango lile lile moja, uone kipimo kinakubana wapi.

Bango letu ni A1, yani milimita 594 kwa 841, karatasi ya gramu 200. A1 ni nusu ya mita ya mraba, kwa hiyo lenyewe lina gramu 100 tu. Kumbuka hiyo gramu 100 maana huko mbele utashangaa unalipia kilo.

Kwanza vipimo, maana hapa ndo watu wanachanganya. Kuna kanuni mbili tofauti na zote zinasikika kama kitu kimoja. Ya kwanza ni ya mzigo mdogo unaoenda pamoja na barua, ule wa mwisho kilo 2, ambao kwa kawaida ndo wa bei nafuu kwa bango. Umoja wa Posta Duniani umeweka hivi kwa kitu chenye umbo la roli, kwa sentimita:

```
urefu + (2 × kipenyo) ≤ 104
urefu peke yake       ≤ 90
```

Ya pili ni ya vifurushi, na hapo sasa ndo unaingia mzingo, yani unazungusha futi ya fundi cherehani kwenye tyubu sehemu yake nene kuliko zote halafu unajumlisha na urefu. Kikomo chake kinatofautiana kwa nchi, kuna nchi zinapokea mpaka mita 3 kwa jumla na kuna zinazoishia mita 2, na hizo za mita 2 urefu peke yake hauruhusiwi kuzidi sentimita 105.

Sasa chukua tyubu ya sentimita 88 yenye kipenyo cha nje 8. Kwa kanuni ya kwanza ni 88 na 16, jumla 104, imepita palepale kwenye mstari. Kwa mzingo ni 88 na 25, jumla 113. Mtu akishika ile 104 kichwani halafu akapima kwa mzingo anasema imezidi, anakata bango au analipia kifurushi bure. Na yule aliyesikia "mita 2" anaenda na tyubu ya mita moja akijua yuko salama, kumbe kwa bei ya barua urefu unaishia 90. Kabla hujashika futi jua kwanza unatuma kwa huduma gani, kisha tumia kanuni ya hiyo huduma peke yake.

Jambo lingine kabla ya kulinganisha: kunja bango kwa upande upi? Tyubu inafuata upande utakaobaki bila kukunjwa. A1 ukiikunja ukianzia upande mfupi, roli inabaki na urefu wa sentimita 59.4. Ukianzia upande mrefu roli inakuwa 84.1, na hakuna sababu yoyote ya kufanya hivyo kwa A1, unajiongezea sentimita 25 za bure. Inasikika kitu kidogo lakini ukienda kwa mtu wa kuprinti usipomwambia anakukunjia anavyotaka yeye.

Kwenye ile 59.4 ongeza nafasi ya vizibo. Kizibo cha plastiki kinazama ndani kama sentimita moja na nusu kila upande, na unataka pia nafasi ya kukandamizia karatasi laini kidogo huku na huku ili bango lisichezecheze, maana bango linaloenda mbele na nyuma ndani ya tyubu safari nzima linafika kingo zimepondeka. Kwa hiyo tyubu ya A1 mi naikata 64.

Haya, hizi hapa zote nne zikiwa na urefu wa 64. Vipenyo ni vya nje, na sanduku ni la kadibodi lenye pembe nne, upana 8 na kimo 8. Uzito wa ujazo ni ule ambao kuria wanautoza kwa ukubwa wa mzigo, nitaueleza mwisho:

| | Nyembamba (5.5) | Ya kati (8) | Nene (10.5) | Sanduku la mraba (8 × 8) |
|---|---|---|---|---|
| Urefu + vipenyo viwili | 75 | 80 | 85 | haihusiki |
| Urefu + mzingo | 81 | 89 | 97 | 96 |
| Inapita kwa bei ya barua? | ndiyo | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Uzito wa ujazo (kuria) | kilo 0.39 | kilo 0.82 | kilo 1.41 | kilo 0.82 |

Angalia mstari wa tatu, ndo ulionifanya niandike hii kitu. Sanduku lina jumla ndogo kuliko tyubu nene ukipima kwa mzingo, lakini sanduku ndo linakataliwa! Sababu ni umbo. Kile kikomo cha 90 na 104 ni cha roli tu. Kitu kisicho roli kina kikomo chake: urefu, upana na kimo jumla visizidi 90, na upande mrefu kuliko zote usizidi 60. Sanduku letu jumla yake ni 80, hapo limepita, ila urefu ni 64 na kikomo ni 60, basi limeanguka kwa sentimita nne. Huwezi kulipunguza maana bango lenyewe ni 59.4, ukiongeza unene wa kadibodi tu ya pande mbili umeshagonga 60, hujaweka hata karatasi ya kuzuia lisicheze.

Kwa hiyo kwa A1 kupitia posta ya kawaida, umbo la duara linakupa sentimita 30 za urefu ambazo sanduku halina. Bango likiwa A2 hadithi inabadilika, upande mfupi wake ni 42 na sanduku la 46 linapita vizuri tu, hapo chagua unachotaka.

Na zile tyubu za pembetatu ambazo baadhi ya maduka yanazisifia kwamba hazibingiriki? Kweli hazibingiriki, na hilo ni jambo zuri kwenye mikanda ya kupangia mizigo ambako tyubu ya duara inaweza kuserereka. Lakini ili roli yenye kipenyo cha 7.6 ikae ndani ya pembetatu yenye pande sawa, kila upande lazima uwe sentimita 13 na ushee. Mzingo wake unakuwa karibu 40 wakati tyubu ya duara yenye nafasi hiyohiyo ndani ina 25. Halafu sio roli, hivyo ile kanuni ya 104 huwezi kuiegemea. Kwa bango moja la A1 siichagui.

Tuje kwenye unene sasa, maana zote tatu za duara zinapita kwa vipimo, kwa hiyo kinachoamua hapo ni karatasi.

Nyembamba ya ndani sentimita 5 ni nafuu na nyepesi, na kwa karatasi ya gramu 130 au 150 ile ya mabango ya kawaida haina tatizo. Ukiweka karatasi nzito ya gramu 250 au 300, au iliyopigwa laminesheni, inabanwa kwenye mkunjo mkali kwa muda wote wa safari, na mteja akifungua bango linajikunja tena lenyewe kila akilitandika mezani. Laminesheni inaweza kuachia kwenye kingo, na ile iliyoprintiwa kwa unga wa leza inaweza kupasuka vimistari vidogo vidogo. Ukitaka kujua mapema kabla hujatuma, kunja kipande cha majaribio cha karatasi hiyohiyo kwenye tyubu hiyohiyo, kiache usiku kucha, asubuhi kitandike halafu kiangalie kwa mwanga wa pembeni. Vimistari vikionekana, panda saizi.

Ya kati, ndani 7.6 ambayo ni inchi 3, ndo naipa kura kwa mabango mengi. Mkunjo wake ni mpole, bango linatulia kwa kulikandamiza na vitabu kidogo, na uzito wake kwa ukuta wa milimita 2 na urefu wa 64 ni kama gramu 230. Ongeza bango gramu 100 na vizibo, uko kwenye gramu 350 hivi, mbali kabisa na ile kilo 2. Tena inabeba mabango mengi kuliko unavyodhani. Mabango kumi ya A1 ya gramu 200 ukiyakunja pamoja yanaingia kwenye ya inchi 3 na katikati bado panabaki tundu la zaidi ya sentimita 5. Kwenye nyembamba ya 5 hayo kumi yanajaza karibu nafasi yote, katikati panabaki tundu la kama sentimita 2 tu, yani ni kuyasukuma kwa shida na mkunjo ni mkali mno. Kwa anayeuza kwa seti, hapo uamuzi umeisha.

Nene ya ndani 10 mi naiacha kwa vitu viwili: karatasi nzito sana za sanaa, na turubai zilizopakwa rangi. Picha za Tingatinga kwa mfano zinapakwa rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile rangi ikikauka inakuwa ngumu juu ya kitambaa, na ukiikunja kwa mkunjo mkali inapasuka. Hizo kunja upande wa picha ukiangalia nje, weka karatasi laini isiyoshika rangi katikati, tumia tyubu nene. Kwa bango la karatasi la kawaida nene ni kubeba hewa, na hewa hiyo utailipia ukienda kuria kama tutakavyoona.

Sasa kesi ngumu, A0. Hapa ndo zile sentimita zinahesabiwa moja moja. A0 upande mfupi ni 84.1. Mteja yuko Uingereza, unataka kutuma kwa bei ya barua na rejista. Posta ya kwao, Royal Mail, nayo kwa mizigo ya nje inatumia vipimo hivihivi vya 104 na 90 kwa roli, kwa hiyo mteja akitaka kulirudisha kwa njia hiyohiyo litakubalika na huko.

Ukichukua tyubu ya dukani ya sentimita 90 kamili, umebaki na 14 za vipenyo viwili, yani kipenyo cha nje kisizidi 7. Tyubu ya inchi 3 kipenyo chake cha nje ni 8, kwa hiyo 90 na 16 ni 106, imezidi kwa mbili. Nene usiifikirie kabisa, 90 na 21 ni 111.

Una njia mbili. Moja, unakata ile ya inchi 3 iwe 87.5. Jumla inakuwa 103.5, imepita. Lakini hesabu ndani: 87.5 ukitoa vizibo viwili vya 1.5 inabaki 84.5, na bango ni 84.1. Umebaki na milimita nne tu, hakuna nafasi ya kuweka karatasi laini mwishoni, yani kizibo kinagusa bango moja kwa moja. Tyubu ikiangushwa kwa kichwa, ukingo wa bango ndo unapokea. Tena kizibo chenyewe kikiwa na mdomo unaotokeza nje milimita mbili kila upande jumla imekuwa 103.9, na tepu ikifura kidogo ukakutana na mtu wa kaunta makini, anakurudisha. Kanuni yenyewe inavumilia milimita 2 tu.

Njia ya pili, unashuka kwenye tyubu ya ndani 6, nje kama 6.5, unaikata 89. Jumla ni 89 na 13, sawa na 102. Ndani baada ya vizibo una 86, bango 84.1, unabaki na karibu sentimita mbili za karatasi laini, moja kila upande. Hii mi ndo naichagua kwa A0 ya gramu 150 mpaka 200. Kama A0 yako ni ya gramu 250 kwenda juu au ina laminesheni, usilazimishe, ipeleke kama kifurushi. Huko hata tyubu nene ya 90 jumla yake na mzingo ni 123, chini kabisa ya mita 2, na nauli iliyoongezeka mwambie mteja mapema kabla hajalipa.

Kwa walio Marekani, au wenye ndugu huko anayewatumia wateja kwa niaba yao, mambo yanageuka. USPS, yani posta ya kule, wanatumia urefu na mzingo kwa mizigo ya ndani ya nchi, kikomo ni inchi 108 kwa Priority Mail na 130 kwa Ground Advantage. Kwa tyubu ya bango hizo namba hazikugusi, A1 yetu kwenye tyubu ya kati ni kama inchi 35 jumla. Kinachouma kule ni urefu peke yake. Tangu 2022 wanatoza ada ya ziada kwa mzigo unaozidi inchi 22 kwa urefu, na ada nyingine kubwa zaidi ukizidi inchi 30. Bango lao la kawaida la inchi 24 kwa 36, hata ukilikunja kwa upande mfupi, ni 24, umeshapita 22 kabla hata ya kizibo. Lile la 18 kwa 24 linaingia kwenye tyubu ya 20 na halilipi ada hiyo. Kwa hiyo kama unaprinti kule kwa ajili ya kuuza, saizi ya bango yenyewe ndo uamuzi wa nauli, na kubadilisha kipenyo cha tyubu hakukusaidii kitu. Wakitoka nje ya Marekani kwa First-Class Package International Service wanarudi kwenye mfumo wa roli uleule, urefu usizidi inchi 36, na urefu na vipenyo viwili usizidi 42, na hapo la 24 kwa 36 linapita bila shida.

Mwisho kuria, DHL na wenzake. Pale hesabu ya mzingo haikusumbui kwa saizi hizi, wanaangalia uzito wa ujazo:

```
urefu × upana × kimo ÷ 5000
```

Kwa tyubu, upana na kimo vyote ni kipenyo, wanaihesabu kana kwamba ni sanduku. Ndo maana kwenye jedwali sanduku la 8 kwa 8 na tyubu ya 8 zinalingana kabisa kilo 0.82, japo moja ni duara. Wakikadiria kwenda nusu kilo inayofuata unalipia kilo 1, kwa bango ambalo pamoja na tyubu lina gramu 350. Ukiweka kwenye nene unalipia kilo 1 na nusu. Kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo sentimita moja ya unene inauma kuliko sentimita moja ya urefu: ile tyubu ya 64 kwa 8 ukiirefusha sentimita 5 ujazo unaongezeka kama asilimia 8, ukiinenepesha sentimita 2 unaongezeka zaidi ya nusu. Na huku ndo mahali pekee ambapo sanduku la mraba naliona lina maana kwa A1, halibingiriki, linapangika, lebo inakaa bapa bila kujikunja, na bei ya ujazo ni ileile ya tyubu.

Kuhusu kupima, pima mzigo ukiwa umeshafungwa kabisa, vizibo ndani, tepu juu, lebo imebandikwa. Vipimo vilivyoandikwa kwenye tyubu za dukani mara nyingi ni vya ndani, inchi 3 ya dukani sio 7.6 kwa nje, ni 8. Kipenyo usikikadirie kwa rula juu ya mdomo wa tyubu maana kadibodi ikikaa chini ya mizigo inakuwa yai. Zungusha futi, soma mzingo, gawa kwa 3.14. Tyubu iliyokuwa yai ukiibonyeza kwa vidole viwili na ikaingia, usiitumie, ukuta wake umeshalegea na itafika imebonyea pamoja na bango. Ya milimita 2 nzuri haibonyei kwa vidole.

Kwa hiyo kama unatuma A1 au ndogo kwa posta, ya duara inchi 3, kata 64. A0 nyepesi, ya sentimita 6 kwa 89. A0 nzito au turubai, nene kama kifurushi. Kuria kwa A1, sanduku la mraba la 8.